Mchoro wa S Tuliokariri Bure

Kabla niache chuo tulichorewa mstari wa damu na oksijeni, umejipinda kama S. Tukaambiwa tukariri. Historia yake? Zii. Na utamu wote uko hapo.

Kitambo Hüfner, Mjerumani, alisema mstari hupanda mbio tangu mwanzo kisha unalala. Mwaka 1904, huko Kopenhageni, Christian Bohr na wenzake wakapima damu wakapata tofauti: unaanza polepole, unapanda ghafla, ndio unalala. Sababu haikuonekana hadi 1925, Adair wa Kembriji alipoonyesha kwamba hemoglobini moja ina nafasi nne za oksijeni. Baadaye Perutz akaonyesha kwamba nafasi moja ikijaa, umbo lote hubadilika.

Fikiria matatu tupu steji. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia, lakini mmoja akiketi, wengine wanafuata haraka. Hiyo ndiyo S.

Na ina faida. Kwenye mapafu, presha ya oksijeni ikiwa milimita 100 za zebaki, hemoglobini hujaa asilimia 97 hivi. Kwenye msuli unaokimbia, presha ikishuka hadi 20, inabaki na kama 35. Iliyobaki imeshushwa. Mioglobini ya msuli ina nafasi moja tu, haina S, na kwa presha hiyo hiyo bado imeshikilia karibu 88. Ingekuwa ndiyo inabeba oksijeni kwa damu, msuli ungelala njaa gari likipita limejaa.

Sasa niambie, hii ilikuwa ya kukariri kweli?