Nyonga inayolia « tak » ukinyanyua muguu: ni kano inayoruka, ao ni kitu cha kuogopa?

Wakaaji wengi wa kwetu wanaujua mulio huu. Mutu anasimama kutoka kitini, anapanda ngazi, ao anashuka ku moto, na mbele ya nyonga, pale paja linapoungana na tumbo, panalia « tak ». Wengine hawasikii maumivu yoyote. Wengine wanaanza kuogopa kwamba mufupa umetoka mahali pake. Katika makala hii tunaeleza ni nini kinacholia pale, namna ya kuitunza nyumbani, na dalili ambazo zinamaanisha usikae tena nyumbani.

Ni nini inalia?

Mara nyingi si mufupa. Ni kano. Kano ni kamba ngumu inayofunga musuli ku mufupa. Musuli unaonyanyua paja unaanzia mbali: sehemu moja inatoka ku uti wa mugongo, chini ya mbavu, na nyingine inatoka ndani ya mufupa wa kiuno. Sehemu hizi mbili zinaungana, zinapita mbele ya nyonga, kisha kano yao inashikamana ku mufupa wa paja, upande wa ndani.

Pale kano inapopita mbele ya nyonga, kuna kinundu cha mufupa. Ukikunja paja na kulifungua kidogo upande wa nje, kano inasogea upande wa nje. Ukirudisha muguu chini na kuunyoosha, kano inapashwa kurudi upande wa ndani. Kama imekazana, hairudi polepole. Inabakia imezuiliwa kidogo, kisha inaruka mara moja kama kamba ya gitare iliyovutwa na kuachiliwa. Ule muruko ndio unalia. Ndiyo sababu watu wengi wanasikia mulio wakati wa kushusha muguu kuliko wakati wa kuupandisha.

Kuna mulio mwingine unaotokea pembeni ya nyonga, juu ya mufupa ule unaougusa ukilala ubavu. Ule ni utepe mwingine unaoruka, na mara nyingi mutu mwingine anaweza kuuona chini ya ngozi. Ule wa mbele unasikika kuliko kuonekana.

Mufano wa musukuma chukudu

Tuchukue mufano wa kijana wa miaka 22 anayebeba viazi na makabichi ku chukudu, kutoka mashamba ya Nyiragongo hadi sokoni Goma. Goti la kushoto linakaa juu ya ubao, muguu wa kuume ndio unasukuma chini. Kila mara anaposukuma, nyonga ya kuume inatoka kukunjwa inaenda kunyooka nyuma, kisha inarudi mbele. Ni ile ile njia ya kano, siku nzima, na muzigo muzito juu.

Anasema hivi: « Kila wakati niko nanyanyua muguu, inalia tak. Mbele haikukuwa inaniuma. Sasa ikifika mangaribi, hapa mbele inaniwaka. »

Kule kuwaka kuna maana. Chini ya kano kuna kamufuko kadogo kenye maji, kanakosaidia kano isisuguane na mufupa. Kano ikiruka mara nyingi, kale kamufuko na kano yenyewe vinavimba. Mulio peke yake, bila maumivu, si ugonjwa na hauombi dawa. Mulio wenye maumivu unaomba kupumzisha muguu na kuufanyisha mazoezi.

Namna ya kujipima

Lala chali ku kitanda ao ku mukeka. Kunja muguu unaolia, fungua goti upande wa nje kama chura, kisha nyoosha muguu polepole hadi ulale chini. Kama ni kano, mulio utatokea njiani, mbele ya nyonga, karibu kila mara kwenye kiwango kilekile.

Sasa weka vidole viwili ku mukunjo wa kinena, katikati. Ukisikia mapigo ya damu, sogeza vidole upande wa nje kidogo, usibonyeze juu ya mapigo. Bonyeza kwa nguvu ya kadiri na urudilie muchezo uleule. Kama mulio unapungua ao unapotea, ama unasikia kamba inapita chini ya vidole, kano ndiyo inaruka.

Kisha nyoosha muguu kabisa, na mutu wa nyumba ashike kifundo na kuuzungusha muguu polepole, vidole vitazame ndani, halafu nje. Kano iliyochoka haijali sana muchezo huu. Lakini kama unakuletea maumivu makali ndani ya nyonga, shida inaweza kuwa ndani ya kiungo chenyewe. Hapo mazoezi hayatoshi, enda ukaonwe.

Kuitunza nyumbani

Jambo la kwanza: usiifanye ilie kwa makusudi. Watu wengi wanaichezesha mara kwa mara ili wasikie kama ingali inalia, na kila muruko unaongeza uvimbe. Yule kijana wa chukudu anaweza kubadilisha muguu wa kusukuma, kupunguza magunia, na kuacha mupira kwa wiki mbili ao tatu. Si lazima alale kitandani.

Jambo la pili ni kuvuta musuli. Piga goti la muguu unaouma juu ya nguo laini, muguu mwingine ukae mbele, goti limekunjwa. Kaza matako, simama wima, sukuma kiuno mbele kidogo hadi usikie kuvutwa mbele ya paja. Usipinde mugongo. Kaa hapo kwa sekunde 30, mara tatu, kila siku. Inapashwa kuvuta, haipashwi kuchoma.

Jambo la tatu ni kutia musuli nguvu, maana kano inatulia kama musuli wake unaweza kubeba kazi. Keti ku kiti, weka mukono juu ya goti, jaribu kunyanyua paja na mukono ulizuie, paja lisisogee. Hesabu hadi 10, pumzika, rudilia mara tano. Halafu lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua matako hadi mwili unyooke kama daraja, shuka polepole. Fanya mara 10, mara mbili kwa siku. Matako yakiwa na nguvu, musuli wa mbele haufanyi kazi yote peke yake.

Usitazamie kupona kwa siku tatu. Kano inaomba kati ya wiki 6 na 12. Alama nzuri si mulio kupotea, maana unaweza kubakia. Alama nzuri ni maumivu kupungua na kazi kurudi.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha kwa wengi. Ibuprofeni inaweza kusaidia kwa siku chache, baada ya kula, lakini si kwa mama mwenye mimba, mutu mwenye vidonda vya tumbo, ao mwenye ugonjwa wa figo. Tunaomba pia musikandishe kinena kwa nguvu na musikichanje na wembe. Pale panapita mushipa mukubwa wa damu na mushipa wa fahamu wa muguu.

Wakati wa kuogopa

Kuna hali tatu ambazo kwazo mazoezi si jibu.

Ya kwanza: homa na nyonga inayouma. Kama mutu ana joto, hawezi kukanyaga, na anabakia amekunja paja kwa sababu kulinyoosha kunamuletea maumivu makali, enda hospitali siku ileile. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na usaha unaharibu nyonga kwa siku chache. Kwetu tufikirie pia kifua kikuu cha uti wa mugongo. Usaha wake unaweza kushuka polepole ndani ya musuli uleule tuliozungumuzia, hadi kutokea ku kinena kama uvimbe. Hapo homa inaweza kuwa ndogo, lakini mugongo unauma kwa wiki nyingi, mutu anakonda na anatoka jasho usiku. Uvimbe ule usipasuliwe nyumbani. Na kama ni upande wa kuume, maumivu yako tumboni chini na mutu anatapika, inaweza kuwa apendisiti.

Ya pili: mutoto anayechechemea. Kwa mutoto, usiseme « ni mishipa tu ». Kati ya miaka 4 na 10, kichwa cha mufupa wa paja kinaweza kukosa damu na kulainika. Kwa kijana wa miaka 10 hadi 15, kichwa kile kinaweza kuteleza kutoka mahali pake. Mara nyingi mutoto anaonyesha goti, anasema « ni hapa inaniuma », lakini shida iko ku nyonga. Mutoto anayechechemea zaidi ya siku chache anapashwa kupigwa radiografi ya nyonga zote mbili.

Ya tatu: maumivu ambayo hayafuati mulio. Kano inauma ikitembezwa, inatulia ukipumzika. Kama inauma usiku ukiwa umelala, kama nyonga inakwama katikati ya hatua, ama inauma zaidi kila siku unapotembea na muzigo hadi uchechemee, kuna kitu kingine. Inaweza kuwa ufa ku shingo la mufupa wa paja, unaokuja kwa kubeba na kutembea sana. Ukiendelea kutembea juu yake, mufupa unaweza kuvunjika kabisa. Inaweza pia kuwa kichwa cha mufupa kinachokufa kwa kukosa damu. Hiyo inawapata zaidi wenye ugonjwa wa seli mundu, wanywaji wa pombe nyingi, na wenye kumeza dekzametazoni kwa muda murefu, hata wale wanaoimeza ili wanenepe.

Ku hospitali

Anzia ku kituo cha afya, muuguzi ndiye atakuelekeza ku hospitali kubwa. Ujue jambo hili: radiografi inaonyesha mifupa, haionyeshi kano. Ikirudi nzuri, haimaanishi kwamba unasema uongo, na ule ufa wa shingo la mufupa unaweza kujificha katika siku za kwanza. Ekografi ndiyo inaweza kuonyesha kano inavyoruka, kama munganga anakuchezesha muguu wakati anatazama. Kabla ya kukubali shindano ku nyonga, uliza kwanza ni nini imeonekana, na shindano hilo linaenda wapi. Upasuaji wa kurefusha kano upo, lakini ni kwa wachache ambao mazoezi ya miezi mingi hayakuwasaidia, na unaweza kuacha muguu umepungukiwa nguvu ya kunyanyuka.

Ukifika mbele ya munganga, mwambie mambo matatu: mulio unatokea wakati gani, maumivu yanakuja pamoja nao ao peke yake, na kama umepata homa. Majibu hayo matatu yatamusaidia kujua kama atafute shida ku kano ama ndani ya nyonga.