Ramani ya nafasi sokoni (maji ya chupa, Bwejuu)

Mchoro wa mistari miwili inayokatana, ambamo muuzaji mpya huwapanga washindani wake ili aone pasipo na mtu. Kazi ngumu ni kuchagua mistari. Bei na ubora havifai, kwa kuwa mnunuzi huviona vikipanda pamoja, na chapa zote hujipanga mshazari mmoja.

Tuchukue Bwejuu, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja chenye nyumba nyingi za wageni. Mstari mmoja uwe chombo, cha kutupwa au cha kurudishwa. Wa pili uwe mahali pa kunywea, njiani au mezani. Chupa za plastiki za Kilimanjaro na Uhai huangukia upande wa kutupwa, na madumu makubwa ya kurudishwa hukaa jikoni. Chupa ya kioo ya mezani, inayokusanywa na kujazwa upya, inaweza kuonekana haina mwenyewe.

Lakini pengo huenda likawa tupu kwa sababu hakuna anayelitaka. Kipimo chake ni amana: mwenye nyumba ya wageni akikataa kuiweka kwa kreti moja, hapo hapana soko.