Upimaji wa Tunu Shindani katika Kampuni ya Familia Inayongoja Mrithi (Nchelenge, Zambia)

Upimaji wa tunu shindani ni njia ya kupambanua mila za kazi za shirika, nayo ina msingi wake katika utafiti wa Robert Quinn na John Rohrbaugh uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Quinn akashirikiana na Kim Cameron, mwanazuoni mwenziwe wa Chuo Kikuu cha Michigan, kuueneza kwa kitabu kilichotoka mwaka 1999. Asili ya fikra hiyo ni kwamba kila shirika huvutwa na haja zinazopingana: kulegeza kamba au kuikaza, kutazama mambo ya ndani au ya nje. Jozi hizo mbili za haja zikikingamana huzaa tabia nne. Shirika lenye tabia ya ukoo hushikwa na mapenzi na malezi. Lenye tabia ya ubunifu hupenda kujaribu mapya. Lenye tabia ya soko huhesabu ushindi na faida. Na lenye tabia ya daraja hutegemea kanuni, daftari na amri zenye ngazi. Hakuna shirika lenye tabia moja tu, bali hutofautiana kwa kiasi cha kila moja.

Namna ya kupima

Dodoso lina maswali sita: sura ya jumla ya mahali pa kazi, namna ya uongozi, namna wafanyakazi wanavyotunzwa, kinachowaunganisha watu, mambo yanayotiliwa mkazo, na kinachohesabiwa kuwa mafanikio. Kila swali lina kauli nne, moja kwa kila tabia, na mwenye kujibu hugawa alama 100 baina ya kauli hizo, mara ya kwanza kwa hali ilivyo sasa, mara ya pili kwa hali anayoitamani. Ikiwa mtu ameipa kauli ya ukoo alama 60, 50, 40, 30, 55 na 35 katika maswali sita, jumla yake ni 270, na wastani ni 45. Tafauti inayozidi alama 10 baina ya ilivyo na inavyotamaniwa ndiyo huhesabiwa kuwa yastahili kuzungumzwa. Asiyejua kusoma aweza kusomewa kauli na kugawa punje 100 za mahindi katika makopo manne, na hesabu ikabaki ile ile.

Kampuni ya familia kando ya Mweru

Nchelenge ni wilaya ya mkoa wa Luapula, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa Mweru, ambalo Zambia inaligawana na Kongo, na soko lake mashuhuri la samaki liko Kashikishi. Uvuvi wa huko umekwisha kugeuka mara nyingi: mpumbu, samaki aliyewatajirisha wafanya biashara wa zama za ukoloni, alipungua sana katikati ya karne ya 20, na baadaye chisense, dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa na kukaushwa juani, wakawa mhimili wa biashara ya wengi. Hivyo aghalabu mwanzilishi wa kampuni ni mtu aliyejua kugeuka na wakati, lakini kampuni aliyoijenga huendeshwa kwa jamaa.

Hapo ndipo kadhia huanza, kwa kuwa watu wa Luapula kwa desturi huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Ian Cunnison, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya watu hao, alieleza jinsi marehemu anavyorithiwa jina na nafasi yake na mtu wa ukoo wake, na watoto wa mwanamume si wa ukoo wake, bali wa mama yao. Kwa desturi hiyo, mpwa aliye mtoto wa dada ana dai la kale, ilhali mtoto wa kuzaa ana dai la malezi na la sheria mpya. Alama kubwa za ukoo basi hazitoshi kumjulisha mpimaji kitu mpaka aulize: ni jamaa gani wanaosema?

Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu kampuni yoyote iliyopo. Mzee wa Kashikishi hununua chisense kwa wavuvi na kupeleka samaki hao katika miji ya Ukanda wa Shaba. Kampuni ina watoto wake wanne, wapwa wanne na waajiriwa wanne wasio jamaa, na makundi yote matatu yanakubaliana juu ya hali ilivyo: ukoo 45, ubunifu 15, soko 15, daraja 25. Wanayotamani ni haya:

Watoto: ukoo 20, ubunifu 20, soko 30, daraja 30.
Wapwa: ukoo 50, ubunifu 15, soko 20, daraja 15.
Waajiriwa: ukoo 32, ubunifu 10, soko 13, daraja 45.

Mpimaji mwenye haraka atachukua wastani wa wote, yaani ukoo 34, ubunifu 15, soko 21 na daraja 30, akamwambia mzee kwamba watu wake wanataka kupunguza ujamaa kidogo na kuongeza kanuni kidogo. Wastani huo si maoni ya kundi lolote. Watoto wanataka ukoo ushuke kwa alama 25, wapwa wanataka upande kwa 5, na baina ya makundi hayo mawili mna pengo la alama 30. Sababu si fumbo: nafasi ya mpwa imesimama juu ya hisani ya mjomba, wala haimo katika karatasi, na kila kanuni inayoandikwa yaweza kumtoa; mtoto, kinyume chake, huliona daftari kuwa ngao yake siku baba atakapofariki. Waajiriwa, wasiokuwa na dai la nasaba, wanataka mshahara wenye tarehe, na ndiyo maana daraja kwao limepanda kwa alama 20.

Baada ya hesabu, makundi huketishwa pamoja, si kupigia kura alama, bali kuandika maana ya kila badiliko na yasiyokuwa maana yake. Kuongeza daraja, kwa mfano, kwaweza kumaanisha kwamba wavu unaokopeshwa mvuvi hutiwa saini na magunia hupimwa kwa mizani mbele ya mashahidi wawili. Hakumaanishi kwamba mtu atanyimwa ruhusa ya kwenda msibani. Katika jambo hili watoto na waajiriwa wako karibu, na mpwa naye aweza kuridhika ikiwa kazi yake na malipo yake yameandikwa katika daftari hilo hilo.

Kasoro na mipaka

Kasoro ya kwanza ni woga. Majibu yakikusanywa mbele ya mzee, karatasi za hali inayotamaniwa hufanana mno, na alama za swali la uongozi huwa sifa zake. Kufanana huko ni dalili ya kurudia upimaji kwa kila kundi peke yake. Kasoro ya pili imo katika hesabu yenyewe: madhali jumla haiwezi kuzidi 100, tabia moja haipandi ila nyingine ishuke, kwa hiyo kipimo huonyesha uwiano wa tabia, wala hakionyeshi nguvu ya kila moja.

Mpaka mkubwa zaidi ni wa sheria. Kipimo hakimteui mrithi. Mwenye mali akifa Zambia bila wasia, Sheria ya Mirathi Bila Wasia ya mwaka 1989 huwapa watoto asilimia 50 ya mali, mjane asilimia 20, wazazi asilimia 20 na wategemezi asilimia 10, na ardhi iliyoshikwa kwa sheria ya mila haimo katika mgawo huo. Mpwa hatajwi kwa jina lake. Hupata tu akithibitika kuwa mtegemezi. Ikiwa biashara haijasajiliwa kuwa kampuni, magari, nyavu na akiba ya samaki ni mali ya marehemu nazo huingia katika mgawo, hata kama wote walikubaliana katika mkutano wa upimaji. Kwa sababu hiyo kipimo hufaa kifanywe mwenye mali angali hai na timamu, na matokeo yake yafuatwe na wasia ulioandikwa. Bila wasia huo, mapatano hayo hayamfungi msimamizi wa mirathi.