Sekunde 20 za Kuuza Daftari: Godfrey Alivyowafundisha Watangazaji Kuongea

Wenye podikasti wanabishana siku hizi juu ya nani asome tangazo la mdhamini: mwenye kipindi mwenyewe, au sauti ya kukodi inayochomekwa na mtambo mahali popote penye nafasi. Hoja za kila upande huwa za hesabu, kana kwamba jambo lenyewe limezaliwa juzi. Lakini lina umri wa zaidi ya karne moja, na historia yake inaelekeza upande mmoja kuliko mwingine. Tangazo fupi linalosemwa kwa kawaida na mtu anayejulikana na wasikilizaji lilipata nguvu pale msemaji alipopewa uhuru juu ya maneno yake, na likapungua nguvu kila uhuru huo ulipochukuliwa. Bidhaa ya kupimia dai hilo ni ya kawaida kabisa: daftari la mfukoni.

Mwanzo wa safari hii unajulikana. Tarehe 28 Agosti 1922, kituo cha WEAF cha New York, mali ya kampuni ya simu ya AT&T, kilimpa nafasi ya kulipia msemaji wa kampuni ya Queensboro iliyokuwa ikiuza nyumba za ghorofa. Msemaji huyo hakuanza na nyumba. Alianza kwa kumsifu mwandishi Nathaniel Hawthorne, aliyekuwa amefariki miaka 58 nyuma, kwa sababu majengo yenyewe yalibeba jina la Hawthorne. Yalikuwa maongezi ya dakika kadhaa, yenye adabu na marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Mwaka huohuo waziri wa biashara, Herbert Hoover, alionya kwamba redio isiachwe izame katika kelele za matangazo. Sheria ya redio ya 1927 ikaagiza kwamba kinacholipiwa kitangazwe wazi kuwa kimelipiwa, na jina la mlipaji litajwe.

Aliyebadilisha namna ya kusema ni Arthur Godfrey. Mwaka 1931 alipata ajali mbaya ya gari, akalazwa hospitalini kwa muda mrefu huku redio ikiwa karibu yake. Alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipogundua kasoro ya watangazaji wenzake: walihutubia umati ambao haukuwapo, ilhali anayesikiliza ni mtu mmoja chumbani mwake. Alipopona akaanza kuongea na huyo mmoja. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa nyota wa CBS, na mdhamini wake aliyejulikana zaidi alikuwa Lipton, kampuni ya chai. Godfrey aliweka kando maandishi ya wakala wa matangazo na kusema ya kwake. Supu ya kuku ya Lipton aliitania hewani kwamba kuku wenyewe hawaonekani ndani yake. Kwa kanuni zote za biashara angefukuzwa, lakini Lipton walibaki naye miaka mingi. Aliyetania supu alipoisifu chai aliaminika, kwa kuwa wasikilizaji walikwisha kumsikia akikataa kusifu kila kitu. Inajulikana pia kwamba alikuwa akikataa bidhaa asizoziamini.

Ugomvi uliomchafulia jina unafundisha kitu hichohicho kwa upande wa pili. Tarehe 19 Oktoba 1953, kipindi kikiwa hewani, Godfrey alimwachisha kazi mwimbaji wake kijana, Julius La Rosa, bila kumwonya, kisha akaeleza waandishi wa habari kwamba kijana amekosa unyenyekevu. Watu walimwonea La Rosa huruma, na sura ya Godfrey kama jirani mwema ikapasuka. Wanaopinga matangazo ya aina hii huitumia hadithi hiyo: mdhamini anayejifunga na sauti ya mtu mmoja anajifunga pia na hasira zake. Ni kweli. Lakini hatari hiyo ndiyo uthibitisho kwamba imani ilikuwepo. Sauti ya kukodi haiwezi kumvunja moyo msikilizaji, kwa kuwa hajawahi kuipa moyo wake.

Televisheni iliposhika hatamu, matangazo yakawa filamu fupi, na ustadi wa Godfrey ukabaki pembeni hadi podikasti zilipoanza katika miaka ya 2000. Humo ndimo wauza daftari na kalamu walipopata watu wao. Chukua Field Notes, chapa iliyoanzishwa mwaka 2007 na mbunifu Aaron Draplin pamoja na kampuni ya Coudal Partners ya Chicago. Daftari lake la kawaida lina kurasa 48, jalada la karatasi ya kaki na pini za chuma mgongoni, na mfano wake ni vijitabu ambavyo wauza mbegu na pembejeo wa Marekani waliwagawia wakulima zamani. Bidhaa kama hiyo haihitaji picha ili ieleweke. Inahitaji jambo moja ambalo mwandishi yeyote anaweza kulijaribu nyumbani, na mtu wa kulisema.

Tuchukue mfano wa daftari lisilo na jina: “Kipindi hiki kimedhaminiwa na watengenezaji wa daftari la mfukoni. Kurasa arobaini na nane, jalada la karatasi ngumu, na karatasi ambayo wino wa kalamu yangu haupenyi hadi upande wa pili. Ninalo hapa, limejaa nusu. Ukitaka lako, kiungo kipo kwenye maelezo ya kipindi.” Ni maneno kama 40, na kwa mwendo wa maongezi yanakaa ndani ya sekunde 20. Mlipaji ametajwa kwanza, kama sheria ya 1927 ilivyotaka kwa redio. Sifa ni moja, na ya kupimika: kugeuza ukurasa kunatosha kujua kama imesemwa kweli. Ukiongeza uzito wa karatasi, rangi nne za jalada na bei ya boksi, msomaji ataharakisha, atameza pumzi katikati ya sentensi, na sauti yake itapanda. Msikilizaji hutambua mara moja kwamba sasa anasomewa. Ufupi nao una faida ya kimya: katika programu nyingi za kusikilizia, kitufe cha kuruka mbele hupiga sekunde 30, kwa hiyo anayeruka tangazo la sekunde 20 anapoteza na sehemu ya kipindi alichokuja kukisikiliza.

Watetezi wa mtambo wana hoja moja nzito. Tangazo lililosemwa ndani ya kipindi hubaki humo daima. Field Notes hutoa matoleo maalumu kila robo mwaka, nayo huisha; anayesikiliza kipindi cha miaka mitatu nyuma ataelekezwa kwenye daftari ambalo halipo tena. Mtambo huondoa la zamani na kuweka jipya. Lakini hoja hiyo inahusu mahali pa kuhifadhi tangazo, haihusu nani alisome. Mwenye kipindi anaweza kurekodi sekunde zake 20 kando, mtambo ukazibadilisha toleo linapoisha, na sauti ikabaki yake. Hofu kwamba atakosea bei au kiungo hutibika vilevile: mdhamini aandike mambo mawili yasiyobadilika, na mengine amwachie msemaji, pamoja na haki ya kusema kwamba daftari hili halimfai anayetumia kalamu ya wino mzito. Lipton walivumilia utani juu ya supu yao wakauza chai. Wadhamini wa leo wanaotuma ukurasa mzima wa kusomwa neno kwa neno wanalipia sauti inayoaminika, kisha wanaizuia kufanya kile kilichoifanya iaminike.