Kwa nini dawa ya TB sugu huua bakteria na kumwacha mgonjwa

Mgonjwa wa Tarakea, Rombo, akikutwa na TB sugu, huenda akapelekwa Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha. Moja ya dawa za ugonjwa huo ni linezolidi. Je, inamtambuaje bakteria na kumwacha mtu?

Jibu liko kwenye ribosomu, mtambo mdogo unaotengeneza protini ndani ya seli. Bakteria anazo na binadamu anazo, ila umbo si moja. Linezolidi huingia kwenye tundu la ribosomu ya bakteria na kuzuia protini isitengenezwe. Kwenye ribosomu kubwa za binadamu tundu hilo limekaa tofauti, hivyo dawa haishiki vizuri.

Lakini usalama huo una mpaka. Seli zetu zina mitokondria, zinazozalisha nguvu. Asili yake ni bakteria wa kale, na ribosomu zake bado zinafanana na za bakteria. Dawa ikitumika siku chache, kwa kawaida mwili unahimili. Ila TB sugu hutibiwa miezi 6 au zaidi, na hapo uboho na mishipa ya fahamu vinaweza kuishiwa nguvu.

Dalili ni uchovu wa kupungukiwa damu, ganzi au nyayo kuwaka moto, na macho kufifia. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu na macho mara kwa mara. Daktari anaweza kushusha dozi kutoka miligramu 600 hadi 300 kwa siku. Ukiona dalili hizo usiache dawa mwenyewe, wahi kliniki.