Kibiriti, Nitrati na Maabara: Ugomvi wa Kusoma Gesi ya Buchholz

Kuna dai linalorudiwa sana miongoni mwa wanaofundisha utunzaji wa transfoma kubwa: kwamba rilei ya Buchholz ni masalia ya zamani, kwa kuwa siku hizi maabara huchukua chupa ya mafuta, ikapima gesi zilizoyeyuka ndani yake na kutaja ugonjwa wa transfoma. Wanaosema hivyo huisimulia historia kama ngazi, kila kipimo kipya kikikifuta cha zamani. Ukirudi kwenye mazoea ya vituo vya umeme kabla ya maabara hizo, simulizi hiyo haisimami.

Asili ya chombo chenyewe haina ubishi. Max Buchholz, mtumishi wa shirika la umeme la Prussia huko Kassel, alikivumbua mwaka 1921, na mwaka 1928 akaandika kuhusu matumizi yake katika jarida la Elektrotechnische Zeitschrift. Hukaa kwenye bomba linalounganisha tangi la transfoma na tangi dogo la akiba lililo juu, ambamo mafuta hupanda yakipata joto na kushuka yakipoa. Bomba hilo huinuliwa nyuzi chache kuelekea tangi la akiba, ili kila povu linalozaliwa ndani ya transfoma lipitie kwenye rilei.

Ndani ya rilei kuna maonyo mawili yasiyofanana. Gesi inayopanda polepole hunaswa juu ya chumba cha rilei na kuyasukuma mafuta chini. Boya la juu hushuka nayo, na gesi ikifika takriban sentimita za ujazo 200 hadi 300, kengele hulia. Onyo la pili hutolewa na kibao kilichosimama katika njia ya mafuta. Cheche kubwa ikiwaka kati ya koili, mafuta hugeuka gesi kwa ghafla, na shinikizo lake husukuma mafuta mengine kwa nguvu kuelekea tangi la akiba. Mwendo huo ukipita kiwango kilichowekwa, mara nyingi karibu mita 1 kwa sekunde, kibao hulala na swichi kuu hukata umeme. Transfoma ikivuja, maboya hushuka kwa zamu: kwanza la juu hupiga kengele, kisha la chini hukata umeme. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi huwa jepesi: je, mafuta bado yapo?

Ugomvi wa kweli ulizuka kuhusu gesi iliyonaswa. Fundi hufungua kivali kidogo juu ya rilei na kuitoa, lakini itasomwaje? Kwa muda mrefu vituo vilitumia rangi. Gesi nyeupe ilisemekana kutoka kwenye karatasi ya kuhami, ya manjano kwenye mbao, na ya kijivu au nyeusi kwenye mafuta. Jedwali hilo limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, na sioni sababu ya kulitetea. Rangi hutokana na moshi, na moshi hutua au kupotea haraka. Fundi akifika baada ya muda huiona gesi ile ile haina rangi, naye huamua kwamba ni hewa tu.

Kibiriti kilikuwa bora kidogo. Hewa haiwaki, ilhali haidrojeni na methani huwaka, kwa hiyo mwali uliwatenga mafundi waliosahau kutoa hewa baada ya kujaza mafuta na mafundi wenye hitilafu ya kweli. Lakini gesi ya hitilafu iliyochanganyika na hewa nyingi inaweza isiwake, na ikiwaka haisemi chanzo chake. Isitoshe, kushika moto juu ya transfoma si jambo la kulisifia.

Kipimo ninachokiona kimeonewa na historia ni chupa mbili za nitrati ya fedha. Gesi ilipitishwa polepole kwenye chupa ya kwanza, yenye myeyusho wa kawaida wa nitrati. Mashapo meupe yakitokea, kulikuwa na asetilini. Kisha iliingia kwenye ya pili, ambamo nitrati imechanganywa na amonia. Mashapo ya kahawia iliyokolea yalionyesha kaboni monoksaidi. Maana yake ilikuwa nzito. Asetilini haizaliwi kwa wingi ila penye joto kali mno, hasa la cheche, na kaboni monoksaidi hutoka hasa kwenye karatasi inayoungua. Hivyo chupa mbili zilitenganisha cheche iliyo kwenye mafuta matupu na cheche inayokula karatasi ya koili, jambo ambalo kibiriti hakikuweza kamwe.

Hata hivyo chupa zilikuwa na upofu, na ndipo maabara ilipopata haki yake. Mafuta ya transfoma huimeza asetilini kwa urahisi mkubwa, kiasi kinachokaribia ujazo wake yenyewe, ilhali haidrojeni huyeyuka kwa takriban sehemu 5 tu katika 100. Povu likipanda polepole kutoka hitilafu ndogo, asetilini hubaki njiani ndani ya mafuta, na kinachofika kwenye rilei ni haidrojeni. Chupa ya kwanza hubaki safi, na fundi akadanganyika. Katika miaka ya 1970 Dörnenburg, Rogers na Michel Duval, ambaye pembetatu yake ni ya mwaka 1974, walitengeneza njia za kusoma gesi zilizo ndani ya mafuta. Sehemu hiyo inajulikana, na sitairefusha.

Linalosahauliwa ni kwamba tofauti hiyo ya kuyeyuka hufanya sampuli mbili pamoja zizae taarifa ambayo hakuna moja inayoweza kuitoa peke yake. Tuchukue mfano: kengele imelia, na mafuta ya transfoma yamekutwa na haidrojeni sehemu 500 katika milioni. Gawanya kwa 0.05, unapata sehemu 10,000 katika milioni, yaani asilimia 1. Hiyo ndiyo haidrojeni inayotarajiwa kwenye gesi ya rilei kama gesi na mafuta vilipata muda wa kupatana. Ikiwa rilei inaonyesha asilimia 1 au 2, na sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni na oksijeni, hewa imejikusanya polepole na kukaa na mafuta: tafuta pampu inayovuta hewa au mafuta yaliyojazwa bila utupu. Ikiwa rilei inaonyesha asilimia 40, gesi hiyo haikupata nafasi ya kuyeyuka. Imezaliwa kwa kasi, juzi au leo. Maabara iliyopewa mafuta tu haitalijua hilo, kwa kuwa gesi mpya bado haijaenea katika tangi zima.

Kukatika kwa umeme kwa msukumo wa mafuta nako kuna mabishano yake. Wapo wanaokuita usumbufu, wakitaja mitetemeko ya ardhi iliyochezesha zebaki katika swichi za rilei za zamani, pampu zilizowashwa ghafla, na hitilafu za nje ya kituo zinazotikisa koili na kuyasukuma mafuta. Visa hivyo vipo. Lakini wanaorejesha umeme kwa sababu rilei haina gesi wanasahau mpangilio wa matukio: kibao hulala mara moja, gesi hufika baadaye. Rilei tupu dakika chache baada ya kukatika si ushahidi wa usalama. Kama rilei ya tofauti, inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, nayo imekata, hitilafu ihesabiwe kuwa iko ndani ya transfoma mpaka vipimo vya koili vithibitishe vinginevyo.

Marekani ilipita njia nyingine: transfoma nyingi huko zilifungwa kwa naitrojeni bila tangi la akiba, zikalindwa kwa rilei ya shinikizo la ghafla. Rilei hiyo hukata umeme vizuri, lakini yenyewe haikusanyi gesi ya kusomwa. Kwa wenye rilei ya Buchholz, somo la miaka hii mia moja ni kwamba gesi ya rilei na mafuta ya tangi vichukuliwe wakati mmoja, kabla swichi haijarudishwa. Atakayechukua kimoja tu atajua kuna nini, asijue ni cha lini.