Kwa nini moshi hurudi chumbani badala ya kupanda bombani

Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ni miji ambako kuni na makaa bado hutegemewa sana jikoni. Jiko la kuni likijengewa bomba, mpishi hutarajia moshi utoke nje. Hata hivyo, wakati mwingine hugeuka na kumwagika kupitia mlango wa kutilia kuni.

Bomba halina nguvu yake lenyewe. Hewa iliyopata moto hutanuka, huwa nyepesi kuliko hewa ya nje na kupanda, na hewa ya chumbani huvutwa motoni kujaza nafasi yake. Kadiri bomba lilivyo refu na lenye joto, ndivyo mvuto unavyozidi.

Hata hivyo, nguvu hiyo ni ndogo mno. Bomba la mita 3 lenye hewa ya nyuzi joto 120, ilhali nje ni nyuzi 25, hutoa mvuto wa takriban paskali 7, usiofikia uzito wa tabaka la maji lenye unene wa milimita 1. Upepo unaotikisa majani tu unaweza kuushinda, ukisukuma kuelekea chini kwenye mdomo wa bomba.

Bwera iko karibu na miteremko ya Rwenzori. Mchana, hewa iliyopashwa na jua hupanda mlimani. Jua likitua, hupoa na kuteremka mabondeni. Basi jiko linalovuta vizuri adhuhuri huweza kujaza moshi wakati wa chakula cha jioni. Mara nyingi bomba la jiko kama hilo limekomea chini ya kilele cha paa, na upepo unaoruka kilele hicho huangukia mdomoni mwake. Dawa ni kulirefusha hadi lizidi kwa sentimita 60 hivi kitu chochote kilicho umbali wa mita 3, kisha kulifunika kofia iliyo wazi pembeni.

Kabla ya kununua bati, inafaa kufungua dirisha. Moshi ukikoma, kilichopungua ni hewa ya kuingia, si urefu wa bomba. Ukirudi asubuhi tu wakati wa kuwasha, hewa baridi imeziba bomba. Karatasi au majani makavu ya mahindi yakichomwa chini yake kwa muda mfupi huipasha moto. Tatizo likizidi wiki hadi wiki, masizi yamelibana. Kuni mbichi huharakisha hali hiyo, kwa kuwa mvuke wake hupoza bomba.

Sigiri ya makaa ni jambo jingine. Haina bomba, na makaa yakishakolea hayaonyeshi moshi, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kuumwa kichwa na kizunguzungu kwa watu kadhaa chumbani ni dalili yake. Hapo watu hutoka nje kwanza; sigiri isilazwe ndani ya chumba cha kulala, hata ikionekana imezimika.